Mteja karudisha vitu vyote, bado amebaki na pointi 2. Hesabu imepotelea wapi?

#1 Mjaribu_Ilala
Habari za jioni wakuu. Kazi yangu ni kujaribu mifumo kabla haijaenda kwa wateja, sasa hivi nipo kwenye mradi wa pointi za duka kubwa fulani hapa Dar, jina kapuni. Sheria zao nyepesi tu: kila sh 1,000 unayolipa unapata pointi 1, ukienda kukomboa pointi 1 ni sh 10, pointi zinaisha baada ya mwaka, na huwezi kulipia kwa pointi zaidi ya nusu ya risiti.
Jana nikafanya jaribio la kijinga kabisa. Nimenunua mchele 12,700, mafuta ya kula 8,900 na sukari 3,800. Jumla 25,400, nikapata pointi 25, hapo sina ugomvi. Halafu nikarudisha kimoja kimoja, mafuta kwanza, kisha sukari, mwisho mchele. Pesa imerudi yote 25,400. Akaunti ya pointi ilianza na sifuri, imeishia na 2.
Programa wetu anasema ni desimali tu zinakatwa, pointi mbili ni shilingi ishirini, nisimsumbue. Mimi nasema ni kasoro. Nani yuko sahihi, na ilitakiwa zirudishweje?

#2 Chai_ya_Rangi
Yaani shilingi ishirini umeifungulia uzi 😂 hata pipi hupati. Nimekaa siti ya mbele.

#3 MamaZai
Pole mdogo wangu. Hata mimi walinikata, tena zangu zilikuwa 1,900. Risiti imeandikwa kabisa pointi zinadumu mwaka mmoja, nilinunua tarehe 10 mwezi wa tatu, mwaka uliofuata nikaenda tarehe 10 hiyohiyo asubuhi nimejiandaa nichukue vyombo, yule binti wa kaunta ananiambia mama zimeshaisha. Niligombana nao mpaka basi. Nenda makao makuu na risiti yako usiwaachie.

#4 Mjaribu_Ilala
Asante mama, ila mimi sijakatwa, mimi wamenizidishia 😅 Lakini hiyo yako ya tarehe imenigusa, nitairudia.

#5 KijanaWaKibaha
Hiyo ni `float` dada, usihangaike. Kompyuta haiwezi kuandika 25.4 kamili kwa hiyo kuna vipande vinapotea. Mwambie programa abadilishe safu iwe `numeric`, kesho asubuhi umelala.

#6 fundi_wa_nyuma
#5 kwenye mambo ya pesa `numeric` ni ushauri mzuri lakini hapa hata akibadilisha zitabaki zilezile 2. Nimekaa miaka kadhaa na mifumo ya pointi, hii naijua kwa sura.
Angalia wanachofanya. Wakati wa kununua walikata desimali mara moja, 25.4 ikawa 25. Wakati wa kurudisha wanakata mara tatu, kila bidhaa peke yake. Mafuta 8.9 wakaondoa 8, sukari 3.8 wakaondoa 3, mchele 12.7 wakaondoa 12. Jumla wameondoa 23, walitoa 25, tofauti ndiyo hizo mbili zako. Ungevirudisha vyote kwa mkupuo mmoja zingeondoka 25 na usingeona kitu, ndiyo maana majaribio ya haraka haraka huwa yanapita.
Dawa yake ni kutokukokotoa pointi za kile kinachorudi. Unakokotoa pointi za kile KILICHOBAKI kwenye risiti, kinachozidi ndicho unachoondoa.

```
ondoa = pointi_za_risiti_kwa_sasa - floor(thamani_iliyobaki / 1000)
```

Mafuta yakirudi imebaki 16,500 ambayo ni pointi 16, kwa hiyo ondoa 9. Sukari ikirudi imebaki 12,700, pointi 12, ondoa 4. Mchele ukirudi imebaki sifuri, ondoa 12. Jumla 25. Badilisha mpangilio unavyotaka, anza na mchele au sukari, mwisho wake ni sifuri kila mara.

#7 KijanaWaKibaha
Sawa nakubali siyo `float`. Ila mbona rahisi, wakirudisha wakate kwenda juu badala ya chini, tatizo limeisha bila kuandika upya.

#8 fundi_wa_nyuma
Piga hesabu mwenyewe. 9 + 4 + 13 = 26. Mteja kapewa 25 unamnyang'anya 26, sasa yuko hasi moja na hana bidhaa hata moja mkononi. Umehamisha kelele kutoka kwa mwenye duka ukampelekea mteja.

#9 KijanaWaKibaha
Daah. Nimekaa chini.

#10 Otieno_wa_Laini
Salamu kutoka Nairobi. Sisi kwa kazi tulikwepa hiyo shida yote kwa kupea pointi kwa kila bidhaa badala ya risiti nzima. Kwa mfano wa dada hapo juu ingekuwa 12 + 8 + 3 = 23 tangu mwanzo, na akirudisha zinatoka zilezile 23, hakuna kuumiza kichwa. Fundi #6 anafanya mambo kuwa ngumu bure.

#11 keshia_mstaafu
@Otieno_wa_Laini hiyo mliifanyia watu wa maofisini. Nimekaa kaunta miaka sita. Mteja anaangalia jumla, risiti inasema 25,400 na pointi 23, anakuuliza mbili ziko wapi na foleni nyuma yake imefika kwenye friji za maziwa.

#12 Otieno_wa_Laini
Haha ni kweli, tulipata hiyo joto. Kwetu ilikuwa pointi moja kwa kila shilingi mia, mtu anabuy maziwa ya 65, mkate wa 70 na unga wa 189. Jumla 324, yeye anajua ni pointi 3, mfumo unampa 1 ya unga peke yake. Wale wa kununua vitu vidogo vidogo kila siku ndio waliumia, na hao ndio walikuwa wateja wa kudumu. Baadaye tukaanza kuweka vipande ndani, yaani kwa databesi imeandikwa 3.24 na mteja anaonyeshwa 3. Ikirudishwa bidhaa unatoa 0.65 au 0.70 kamili na hakuna kukata popote mpaka siku ya kukomboa.

#13 fundi_wa_nyuma
Ya vipande naikubali, ni safi kuliko yangu kwa upande wa hesabu. Ila hapo ndipo `numeric` ya Kijana wa Kibaha inakuwa lazima (umeona, sikukutupa). Na jiandae na maswali ya kwa nini mtu alikuwa na 7, akanunua kitu cha 600 ikawa 8, siku nyingine ananunua cha 600 tena inabaki 8. Kila njia ina kelele yake, mwenye duka achague anayoiweza.

#14 Mhasibu_Mkongwe
Niulize kitu, nani kawaambia ni shilingi ishirini? Kwenye vitabu pointi ni deni. Tangu kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15 ianze kutumika tarehe 1 Januari 2018, ikichukua nafasi ya IFRIC 13 kwenye mambo haya ya pointi, sehemu ya mauzo unaiweka pembeni kama deni mpaka mteja akomboe au muda wake uishe. Sasa wewe una pointi 2 ambazo mauzo yake yameshafutwa. Zinaning'inia, hazina risiti. Mwisho wa mwezi nalinganisha daftari la mauzo na daftari la pointi hazikai sawa na sijui nianzie wapi kutafuta, na kila mwezi pengo linakua. Mimi huwa siogopi kosa kubwa la mara moja, kosa dogo linalojirudia kila anaporudisha mtu bidhaa ndilo linaloniweka ofisini mpaka saa nne usiku.

#15 Chai_ya_Rangi
Na mjanja akijua? Anunue vipande kumi vyenye 900 mwishoni kila kimoja, arudishe kimoja kimoja siku nzima. Nauliza kwa ajili ya rafiki.

#16 fundi_wa_nyuma
Rafiki yako ana akili. Vipande kumi vya 1,900 ni 19,000, anapata 19, kurudisha moja moja kunaondoa 10, amebaki na 9 na pesa yake yote. Shilingi tisini kwa siku nzima ya kusimama foleni, mwambie akauze karanga.

#17 Mjaribu_Ilala
Wakuu nashukuru, fomula ya #6 nimempelekea programa. Sasa nimekwama pengine. Nimenunua friji ya 600,000, nimepata pointi 600. Kesho yake nikazitumia zote kwenye risiti ya 12,000, yaani 6,000 pointi na 6,000 taslimu, nusu kwa nusu mfumo ukakubali. Keshokutwa nimerudisha friji. Mfumo umegoma kabisa kurudisha, unasema salio la pointi halitoshi. Kwa hiyo mteja ana friji mbovu na hawezi kuirudisha kwa sababu alishakula pointi za friji!

#18 keshia_mstaafu
Hiyo ikitokea kaunta lazima aitwe meneja. Sisi tulikuwa tunakata kwenye pesa, unampa 594,000 badala ya 600,000 unamweleza zile 6,000 ulishanunulia vitu.

#19 Otieno_wa_Laini
Sisi tuliacha iende minus. Akaunti inasoma hasi 600, akinunua tena inajazwa pole pole, na hawezi kukomboa mpaka ivuke sifuri.

#20 Chai_ya_Rangi
Akitupa laini na kujisajili na namba mpya?

#21 Otieno_wa_Laini
Basi ameenda na 6,000 yetu 😂 Ilitokea, si mara moja.

#22 fundi_wa_nyuma
Njia ya keshia inamlinda mwenye duka lakini risiti ya marejesho lazima ionyeshe wazi hizo 6,000 ni za nini, vinginevyo mteja anaona ameibiwa na mhasibu anaona pesa pungufu. Ya Otieno ni laini kwa mteja. Kuna ya tatu, pointi za ununuzi mkubwa zisiwe za kutumika mpaka siku za kurudisha bidhaa zipite, mteja anaziona zimeandikwa "zinasubiri". Mimi naipenda hii ya tatu.

#23 keshia_mstaafu
Unaipenda kwa sababu hujakaa kaunta. "Zinasubiri nini? Mbona pesa yangu hamkuisubirisha?" Nimeambiwa hayo mara ngapi.

#24 Mhasibu_Mkongwe
Kwangu mimi yoyote, mradi kuwe na mstari wake kwenye daftari. Usifute ile rekodi ya +600, andika nyingine ya −600 yenye namba ya risiti ileile. Nimeshaona mfumo unaofuta, ukitaka kujua nini kilitokea huna pa kushika.

#25 KijanaWaKibaha
Swali la Mjaribu limenikumbusha kitu na safari hii nina uhakika kidogo. Hiyo risiti ya 12,000 uliyolipa nusu pointi, ukirudisha vitu vya humo inakuwaje? Maana nusu ni pesa nusu ni pointi. Nafikiri warudishe pesa kwanza, zikiisha ndiyo pointi, mteja anapenda pesa.

#26 fundi_wa_nyuma
Umegusa penyewe, jibu ndiyo limeteleza. Chukua risiti ya 20,000. Nalipa 10,000 taslimu na pointi 1,000 ambazo ni 10,000 nyingine, nusu kamili, mfumo umeridhika. Narudisha bidhaa za 12,000. Kwa njia yako napewa 10,000 taslimu yote na pointi 200. Nimebaki na bidhaa za 8,000 ambazo nimelipia kwa pointi 800, taslimu sifuri. Ukomo wa nusu uko wapi? Nimeuvuka kwa kupitia mlango wa marejesho, na kwa ujumla nimegeuza pointi kuwa chochote nitakacho dukani.
Inatakiwa irudi kwa uwiano ulioingia nao. Bidhaa za 12,000 zirudishe 6,000 taslimu na pointi 600. Zilizobaki za 8,000 zina 4,000 na 4,000, nusu kwa nusu vilevile. Mjaribu, baada ya kila marejesho pima ukomo upya kwenye kilichobaki, usiupime siku ya kununua tu.

#27 keshia_mstaafu
Kuhusu ukomo kuna moja niliiona kwa macho. Mume na mke, namba moja ya simu, pointi 800. Mume kaunta ya tatu mke kaunta ya saba, wanapeana ishara kwa kichwa, wote wanasema "tumia pointi" wakati mmoja. Zilitoka 800 mara mbili.

#28 Mjaribu_Ilala
@keshia_mstaafu hiyo naiiba. Najaribuje bila mume? 😂

#29 fundi_wa_nyuma
Fungua madirisha mawili ya databesi. Kwenye moja anza muamala, endesha hii kwa akaunti yenye pointi 800, usiumalize:

```sql
UPDATE akaunti SET salio = salio - 800
WHERE id = 17 AND salio >= 800;
```

Dirisha la pili endesha hiyohiyo, itasimama inasubiri. Rudi la kwanza andika `COMMIT`. La pili linatakiwa lijibu `UPDATE 0`, yaani hakuna kilichokatwa. Kama programa wako anasoma salio kwanza, anaamua kwenye programu, halafu anakata bila kuuliza tena, ndipo wale wanandoa wanapopita. (Nasema kwa PostgreSQL na mpangilio wake wa kawaida.)

#30 Mjaribu_Ilala
Nimejaribu, imejibu `UPDATE 0`, na programa anakata kwa amri ya namna hiyohiyo. Angalau hapo programa wangu kasalimika.
Sasa narudi kwa MamaZai #3. Mama, hiyo ilikuwa mwaka gani?

#31 MamaZai
Sikumbuki vizuri mwanangu, mwaka juzi au ule wa kabla yake. Najua ilikuwa mwezi wa tatu kwa sababu ada ya muhula ilikuwa imeshanimaliza.

#32 KijanaWaKibaha
Kama alirudi 2024 ninayo! Walihesabu siku 365 badala ya mwaka. Kuanzia 10 Machi 2023 ukihesabu siku 365 unaangukia 9 Machi 2024, sababu Februari 2024 ilikuwa na siku 29. Mama kaenda tarehe 10, zimeisha jana yake.

#33 fundi_wa_nyuma
Safi sana hiyo, na hesabu imekaa. Ila mimi nashuku kitu kingine. Wengi wanahifadhi mwisho kama `2024-03-10 00:00:00`, yaani siku ya mwisho inapoanza, siyo inapoisha. Na seva iko UTC, saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo pointi zinakufa saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 10, mama amelala. Yeye anafika asubuhi anaambiwa zimeisha.
Ukitaka kuona hiyo tofauti ya saa:

```sql
SELECT (TIMESTAMPTZ '2025-03-31 21:30:00+00'
  AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date;
```

Inatoa `2025-04-01`. Seva inaona bado ni mwezi wa tatu, Dar tumeshaingia wa nne nusu saa.

#34 KijanaWaKibaha
Yangu inatokea tu kama kuna Februari ya siku 29 katikati, yako inatokea kila mwaka. Angekuwepo jirani aliyekatwa mwaka mwingine tungejua.

#35 MamaZai
Jirani yangu Mama Rehema walimkata, lakini yeye alipoteza kadi.

#36 Mhasibu_Mkongwe
😂😂 Haya. Niulize ambalo mmelikwepa. Mteja analipa kwa pointi zinazoisha tarehe 31 Machi. Tarehe 3 Aprili anarudisha bidhaa. Pointi zinarudi na tarehe gani?

#37 Otieno_wa_Laini
Na tarehe yake ya zamani. Kwa hivyo zinarudi zikiwa zimekufa. Sheria ni sheria.

#38 keshia_mstaafu
Bidhaa mbovu mmemuuzia ninyi, halafu pointi zake zife? Hapana. Apewe mwaka mpya.

#39 Chai_ya_Rangi
Mwaka mpya! Basi kila tarehe 30 Machi rafiki yangu ananunua shuka kwa pointi, kesho kutwa anairudisha, pointi zake haziishi mpaka kiama.

#40 fundi_wa_nyuma
Huyo rafiki yako aajiriwe ajaribu mifumo. Mimi huwa napendekeza zirudi na tarehe yao ya asili, ila kama imeshapita zipewe siku 30. Hapo kuna shimo dogo la siku 30 badala ya mwaka mzima. Kila nilikopendekeza watu wa masoko walitaka zaidi, wahasibu walitaka sifuri.

#41 Mhasibu_Mkongwe
Sifuri ndiyo. Nilishazitoa kwenye deni tarehe 31 Machi usiku, unanifufulia Aprili.

#42 keshia_mstaafu
Wewe hujawahi kurudishiwa shuka lililochanika.

#43 Mjaribu_Ilala
Nimerudi na majibu. Ya tarehe nimeyapeleka kwa mwenye duka, ameniambia atafikiria, yaani hajui. Fomula ya #6 imewekwa, mchele sukari mafuta vyote sasa vinaishia sifuri hata nikivipanga kinyumenyume.
Ila nikajaribu na ofa. Wikiendi kulikuwa na pointi mara moja na nusu. Nimenunua vitu vya 15,000, yaani 22.5, nikapewa 22. Leo ofa imeisha, nimerudisha vya 6,000, imebaki 9,000. Kwa ofa ya siku ile 9,000 ni 13, nilitegemea ziondoke 9 nibaki na 13. Mfumo umetumia kiwango cha leo, ukasema 9,000 ni pointi 9, ukaniondolea 13.

#44 fundi_wa_nyuma
Kiwango kiandikwe kwenye risiti yenyewe siku ya kununua. Wasikitafute siku ya kurudisha.

#45 Mjaribu_Ilala
Nimemwandikia hivyohivyo. Kanijibu "ni pointi nne tu".

#46 Chai_ya_Rangi
Shilingi arobaini. Tunaikaribia pipi.

#47 MamaZai
Na zile 1,900 zangu nimpelekee nani?